Doa Jeusi kwenye Kiazi Kitamu: Kisu Kinaokoa Nini, Kinaacha Nini

Mhadhara wa umma kuhusu usalama wa chakula, kwa wakazi wa Garissa na Kaskazini Mashariki ya Kenya



Garissa haijulikani kwa viazi vitamu. Mashamba ya kando ya Mto Tana yana sifa ya ndizi, maembe, nyanya na matikiti, ilhali sehemu kubwa ya viazi vitamu vya nchi hii huchimbwa magharibi, katika kaunti kama Homa Bay, Busia na Bungoma. Kiazi kilichotoka Kabondo, Homa Bay, kikiletwa hadi Soko Mugdi mjini Garissa hupitia Nairobi, Thika na Mwingi, na kutoka Nairobi peke yake ni kilomita zipatazo 370. Njiani hukaa ndani ya gunia lililoshindiliwa, hupakiwa na kupakuliwa mara kadhaa, kisha huanikwa sokoni kwenye joto ambalo mara nyingi huzidi nyuzi 34 mchana. Ndiyo maana mnunuzi wa hapa hukutana na viazi vyenye madoa meusi zaidi kuliko mnunuzi aliye karibu na shamba. Akifika jikoni hujiuliza kama akilikata doa kilichobaki kinalika. Jibu langu ni kwamba kinalika, ila kwa masharti, na masharti hayo hatuyaelewi mpaka tujue sumu ya kiazi inatoka wapi.

Wengi hudhani sumu inatoka kwenye ukungu. Kwa mahindi dhana hiyo ni sahihi, maana sumukuvu hutengenezwa na kuvu wenyewe. Kwa kiazi kitamu mambo ni tofauti. Kuvu wanapopenya kwenye nyama ya kiazi, kiazi chenyewe hutengeneza kemikali chungu za kujilinda, na iliyo maarufu kati ya hizo ni ipomeamaroni, iliyotambuliwa Japani katika miaka ya 1940. Profesa Ikuzo Uritani na wenzake wa Chuo Kikuu cha Nagoya waliifuatilia kwa miaka mingi, na kazi yao inatupa tofauti moja muhimu sana jikoni. Kiazi kilichokatwa tu kwa jembe, bila kuvamiwa na kitu, hutoa zaidi kemikali zinazokifanya kiwe kahawia. Kilichovamiwa na kuvu, au kilichotobolewa na fukusi, ndicho kinachojaza uchungu. Kwa hiyo rangi nyeusi peke yake haitoshi kuhukumu. Mchubuko mkavu wa ngozi, au kiazi kinachogeuka kijivu baada ya kuchemshwa, si dalili ya sumu. Doa lililozama ndani, lenye ukungu au harufu kali, ni jambo jingine.

Ubaya wa kemikali hizi ulidhihirika mwaka 1969 huko Tifton, katika jimbo la Jojia nchini Marekani. Ng'ombe walilishwa viazi vitamu vilivyoharibiwa na ukungu, wakaanza kuhema kwa shida, na makumi wakafa mapafu yakiwa yamejaa maji. Watafiti walipochunguza viazi hivyo waligundua kwamba kazi ilifanywa na wawili. Kiazi kilitengeneza kemikali yake ya kujilinda, kisha kuvu wa jamii ya fusari wakaivunja kuwa kemikali nyingine ndogo zaidi, ambazo kuu yake ni 4-ipomeanoli. Ipomeamaroni huumiza ini, na hii ya pili huharibu mapafu ya ng'ombe. Kwa binadamu tunajua machache, lakini si kwamba hatujui kitu. Katika miaka ya 1990, 4-ipomeanoli ilijaribiwa Marekani kama dawa ya saratani ya mapafu, kwa kutumaini kwamba ingeshambulia seli za mapafu peke yake. Wagonjwa waliopewa dozi kubwa waliumia ini. Somo lake ni kwamba mwili wetu nao huigeuza kemikali hii kuwa sumu, ingawa mahali inapopigia ni tofauti.

Sasa turudi kwenye kisu. Kwa kuwa kemikali hutengenezwa na nyama ya kiazi inayopigana na mvamizi, hukusanyika pale pale penye vita na katika ukanda mwembamba unaolizunguka doa. Hazisambai sawasawa kiazi kizima. Watafiti wa Marekani waliopima viazi vyenye madoa katika miaka ya 1970 waliona kwamba kumenya na kukata milimita 3 hadi 10 zaidi ya mwisho wa doa huondoa sehemu kubwa ya ipomeamaroni. Hapo ndipo penye msingi wa hoja yangu. Anayekata kwa kufuata mpaka wa weusi huondoa ukungu na kuuacha ukanda wenye sumu, kwa sababu ukanda huo una rangi ya kawaida machoni. Anayekata kwa upana wa kidole kimoja, yaani sentimita moja na nusu hivi kila upande na kwenda chini, amevuka kipimo cha watafiti na kujiachia nafasi ya kukosea. Kukata huko hakutoi uhakika wa mia kwa mia, lakini kunapunguza sumu kwa kiasi kikubwa, mradi doa liwe moja au mawili na kiazi kiwe kigumu.

Tuchukue gunia moja lililofunguliwa sokoni tuone kanuni hii inavyofanya kazi. Kiazi cha kwanza ngozi yake imechubuka upande mmoja kwa kusuguana na vingine, na pale palipochubuka ni pakavu, pa kahawia na pagumu. Hicho kinamenywa na kupikwa kama kawaida. Cha pili kina doa jeusi la mviringo, lenye upana wa sarafu, limezama kidogo na lina ukungu juu, lakini pengine pote ni kigumu. Hapo ndipo kisu kina kazi: kata kwa upana wa kidole, kisha pasua kiazi katikati uangalie. Ikiwa mistari ya kahawia inaendelea ndani kufuata nyuzi za kiazi, kisu kimeshindwa na kiazi kitupwe. Cha tatu kina matundu madogo ya fukusi. Ukikipasua unakuta vijia vyeusi vimejaa unga wa kinyesi, vikipinda huku na huko. Ukanda wenye sumu hufuata kila kijia, na hakuna mkono utakaovikata vyote, ndiyo maana hata kipande kinachoonekana kizima huwa kichungu. Hicho kitupwe. Cha nne kimelainika, kinatoa maji na kimeota nyuzi nyeupe zenye vichwa vyeusi. Huo ni uozo laini, unaokimbia ndani ya nyama zaidi kuliko unavyoonekana nje, na ingawa si mzalishaji mkubwa wa uchungu, hakuna mpaka wa kukata. Nacho kitupwe, na vilivyogusana nacho vioshwe na kupikwa siku hiyo hiyo.

Kisu kikishamaliza kazi, ulimi unabaki kuwa kipimo cha mwisho. Ipomeamaroni ni chungu, na uchungu huo hubaki hata baada ya kiazi kuiva. Kipande kikiwa kichungu mdomoni, kitemwe, na kilichobaki cha kiazi hicho kisiliwe, hata kama kimeonekana safi kabla ya kupikwa. Usijaribu kukifunika kwa sukari au nazi, kwa sababu utakuwa umeondoa onyo na kuiacha sumu. Mtoto mdogo anayekataa kiazi huenda anasema kweli. Mzazi aonje kabla ya kumlazimisha.

Najua kuna watakaosema kwamba moto unatosha. Wanasema kiazi kimechemshwa zaidi ya nusu saa, kitu gani kitabaki hai? Ni kweli kwamba kuvu hufa. Lakini kemikali hazikuwa hai tangu mwanzo. Majaribio ya kupika viazi vyenye ipomeamaroni yalionyesha kwamba kuchemsha na kuoka huipunguza bila kuimaliza. Kwa hiyo kisu kitangulie, na moto usipewe kazi isiyo yake.

Wengine watasema kinyume, kwamba ni heri kutupa kila kiazi chenye doa. Hoja hii ina nguvu nchini mwetu, maana mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliwaua watu 125 kati ya 317 waliougua, wengi wao wa Makueni na Kitui. Walioona vifo vile wana haki ya kuogopa ukungu. Hata hivyo punje ya hindi haikatwi kando, na sumu yake huchanganyika katika unga mzima bila kuonekana wala kuonjeka. Kiazi kitamu ni kikubwa, sumu yake ina mahali na ina ladha. Kutupa kiazi kizima kwa ajili ya doa moja dogo, katika kaunti ambako ukame hurudi mara kwa mara na chakula husafirishwa kutoka mbali, ni hasara isiyo na faida ya kiafya inayoeleweka.

Wa tatu watasema tumekula viazi vya namna hii miaka yote na hatujafa. Jibu ni kwamba dozi ya mtu anayekata, kuonja na kula viazi vichache si dozi ya ng'ombe wa Tifton aliyekula marundo. Ini linaloumia polepole halimwangushi mtu siku ile ile, wala daktari hatauliza juzi alikula kiazi gani. Ukosefu wa maiti si ushahidi wa usalama. Ni sababu ya kutopiga kelele, lakini pia si ruhusa ya kuacha tahadhari.

Hapa ndipo hoja inapofika penye uzito wake kwa wakazi wa Garissa. Kila tunapokata doa kwa usahihi, tunakusanya sehemu kubwa ya sumu ya kiazi kwenye maganda na vipande vilivyotupwa. Na katika mji huu, wenye moja ya masoko makubwa ya mifugo Afrika Mashariki, kilichotupwa mara nyingi huishia mdomoni mwa ng'ombe au mbuzi. Ushahidi mzito tulio nao kuhusu kifo unahusu ng'ombe. Mnyama aliyekula viazi vilivyooza huweza kuanza kuhema haraka ndani ya siku moja, akanyoosha shingo, akatoa povu mdomoni, na hakuna dawa ya kuigeuza sumu hiyo. Kwa mfugaji asiyejua, dalili hizo hufanana na homa ya mapafu, na pesa zitaishia kwenye sindano zisizosaidia. Kwa hiyo mchuuzi anayechambua gunia asimpe jirani mwenye ng'ombe uchafu wa viazi kama zawadi. Vipande vyenye doa vifukiwe au vichomwe. Na daktari wa mifugo anayeitwa kwa ng'ombe wanaohema ghafla, wengi kwa mara moja, aanze kwa kuuliza walilishwa nini jana.