Makato Yameisha, Deni Lingalipo

Mvua zinapokaribia Ufipa, ofisi za mikopo mjini Sumbawanga hujaa watu wanaotafuta fedha za mbolea na mbegu za mahindi. Wapo wanaorudi mikono mitupu kwa sababu wameambiwa bado wanadaiwa, ilhali wanajua fika kwamba mkopo wa zamani waliumaliza. Leo nawazungumzia hao, hasa watumishi wanaokatwa kwenye mshahara.

Tuchukue mfano wa mwalimu wa Kirando, kule Nkasi, aliyekopa shilingi 3,000,000 na kukubali kukatwa shilingi 165,000 kila mwezi kwa miezi 24. Jumla ni shilingi 3,960,000. Miezi 24 imetimia, makato yamekoma, naye anajihesabu huru. Akiomba mkopo mwingine anaonekana ana deni la shilingi 165,000, pamoja na faini.

Deni hilo limetoka wapi? Kukatwa ni jambo moja, na fedha kuandikwa kwenye mkopo wako ni jambo jingine. Fedha hutoka kwenye mshahara, mwajiri huziwasilisha, kisha mkopeshaji huziingiza kwenye akaunti ya kila mkopaji. Zikichelewa njiani, au zikiingizwa kwenye akaunti isiyo yako, mwezi huo kwa mkopeshaji ni mtupu, na faini huanza kuhesabiwa. Sababu ya pili ni mwanzo wa mkopo. Mkataba unasema marejesho yaanze Machi, lakini orodha ya mishahara ya Machi ilishafungwa, kwa hiyo makato yakaanza Aprili. Mwalimu anahesabu miezi 24 kamili, na mkopeshaji anahesabu kwamba tangu siku ya kwanza alikuwa nyuma mwezi mmoja.

Ndiyo maana kwenda dirishani na kusema "nimemaliza" hakusaidii. Omba stetimenti ya mkopo wenyewe, tangu ulipotolewa hadi leo. Stetimenti ya akaunti ya mshahara pekee haitoshi. Kisha chukua salari slipu zako zote za kipindi hicho, uzioanishe mwezi kwa mwezi. Mwalimu wetu akikuta slipu ya Agosti inaonyesha makato na stetimenti ya mkopo haina malipo hayo, hata katika miezi iliyofuata, amelipata tatizo. Malipo yaliyopokelewa ni 23, yaani shilingi 3,795,000, na pengo ni ile 165,000. Hapo hana sababu ya kulipa mara ya pili. Anaandika barua kwa mkopeshaji, anaambatisha nakala ya slipu ya Agosti, na nakala nyingine anampa afisa utumishi ili afuatilie fedha zilikokwenda. Abaki na nakala yake iliyogongwa mhuri wa kupokelewa.

Lakini malipo yote 24 yakionekana na kilichobaki ni faini, hoja inabadilika. Hapo soma mkataba: faini ya kuchelewa inasemwaje, na nani aliyechelewesha kuanza kwa makato? Omba kwa maandishi ifutwe.

Salio likifika sifuri, usiondoke bila barua ya kumaliza mkopo. Iwe na jina lako kamili, namba ya mkopo, kiasi ulichokopeshwa, tarehe ya malipo ya mwisho, na maneno bayana kwamba hudaiwi, pamoja na sahihi na mhuri. Namba ya mkopo ni muhimu hasa kwa aliyefanya topapu, maana mkopo wa zamani unaweza kubaki wazi kwenye mfumo hata baada ya kulipwa na ule mpya. Kama uliweka dhamana, kadi ya gari au hati ya kiwanja, irudishwe.

Barua peke yake haifuti rekodi. Tanzania ina kampuni za taarifa za mikopo zenye leseni ya Benki Kuu, zikiwamo Creditinfo na Dun & Bradstreet, chini ya kanuni za mwaka 2012. Mkopeshaji asipopeleka taarifa kwamba mkopo umefungwa, benki nyingine itaendelea kukuona mdaiwa. Omba ripoti yako kwa kampuni hizo, na ikiwa na kosa, wasilisha pingamizi ukiambatisha barua ile.

Mkopeshaji akikaa kimya, awe benki au kampuni ya mikopo yenye leseni, malalamiko yanakwenda Benki Kuu, ambayo ina tawi Mbeya. Kwa SACCOS, nenda kwa afisa ushirika.

Maoni yangu ni haya: barua ya kumaliza mkopo isingepaswa kuombwa. Mtu wa Kirando hana sababu ya kulipa nauli hadi Sumbawanga kufuata karatasi ambayo mkopeshaji anaweza kuitoa siku salio linapofika sifuri. Mfumo unaojua kutoza faini mwezi uleule malipo yanapochelewa, hauwezi kushindwa kujua siku deni lilipoisha.