Wanamwita «Shikamoo»: uonevu kati ya watoto wetu masomoni
Mazungumzo mbele ya mkutano wa wanachama



Kamati ilituomba tueleze kwa nini watoto kadhaa wa familia zilizorudi wanakataa kwenda masomoni. Sisi tunaozunguka kila juma kwenye shule tulifikiri jibu ni njaa, ao minervali kwa wale wa sekondari. Hayo yako. Lakini tulipokaa na watoto wenyewe, bila mzazi na bila mwalimu, neno lililorudi mara nyingi lilikuwa fupi tu: «Wananionea.»

Tukubaliane kwanza juu ya neno. Watoto wawili wenye nguvu sawa wakipigania mpira, huo ni ugomvi, na kesho watacheza pamoja. Dan Olweus, mtu wa elimu ya nafsi aliyefanya kazi Norvege na kuchunguza jambo hili tangu miaka ya 1970, aliweka alama tatu za uonevu: anayetenda anakusudia kuumiza, anarudia, na anayetendewa hawezi kujikinga kwa urahisi. Hiyo alama ya tatu ndiyo wakubwa wanaisahau. Ukisahau hiyo, utatibu uonevu kwa dawa ya ugomvi, na utauzidisha. Tutawaonyesha namna gani.

Tuchukue familia moja. Tumebadilisha mambo madogo ili isitambulikane. Ilirudi kutoka Nyarugusu, ikavuka ziwa kutoka Kigoma, ikakaa upande wa Baraka. Kijana ana miaka kumi, yuko mwaka wa nne. Dada yake ana kumi na tano, yuko mwaka wa nane.

Siku ya kwanza kijana aliingia darasani, akamsalimia mwalimu namna alivyozoea kule: «Shikamoo, mwalimu.» Darasa lote likapasuka kwa kicheko. Mwalimu naye akacheka, bila ubaya. Kuanzia siku hiyo jina lake likawa Shikamoo. Vijana watatu wa mwaka wa sita walimngojea kwenye bomba la maji saa ya rekreasio. Wanamtoa kwenye mstari, wanachukua biki, wanatupa kaye yake kwenye matope, na wengine wanazunguka kutazama. Yote mchana, mbele ya watu. Uonevu wa shule ya msingi uko hivyo mara nyingi: mikono, vitu vinavyonyang'anywa, jina linalopigwa kelele.

Kwa hiyo mzazi anaweza kuuona, akijua pa kuangalia. Mama aliona kaye inapungua kurasa. Aliona kijana anarudi kwa njia ndefu ya ziwani. Jambo moja alilichukua kuwa ugonjwa: kila mchana mtoto akifika kwenye parseli, anakimbia moja kwa moja chooni. Kumbe alikuwa anajizuia tangu asubuhi, kwa sababu nyuma ya vyoo vya shule ndipo walimpiga zaidi.

Mama akamwambia: «Na wewe piga!» Wengi wetu tungesema vilevile. Kijana alipiga, ndiyo, lakini alimpiga mtoto wa mwaka wa pili. Hakuwa na uwezo kwa wale wa sita, basi alishuka kwa mdogo wake. Hapo shule ikamwandika kuwa mkorofi.

Baadaye mama alikwenda kulalamika. Mwalimu akamwita kijana pamoja na mkubwa wa wale watatu, akawasimamisha mbele ya darasa, wakapeana mkono. Nia ilikuwa nzuri. Lakini hiyo ni dawa ya ugomvi. Ilisema kwamba wote wawili wana kosa sawa, tena ilimwonyesha mwonevu nani alisema. Kesho yake walimngojea njiani, si kwenye bomba tena.

Kilichosaidia kilikuwa kazi ya polepole. Mwalimu aliwapa watoto wote karatasi, wakachora kiwanja cha shule, bila kuandika majina, na kutia msalaba mahali wanapoogopa. Karibu misalaba yote ilianguka kwenye bomba na nyuma ya vyoo. Tangu masomo ya shule ya msingi yawe bila malipo mwaka 2019, madarasa yamejaa, na hakuna mwalimu anayeweza kutazama watoto wote. Lakini kutazama mahali pawili anaweza. Direkta alihamisha kiti chake cha rekreasio karibu na bomba, na madarasa yakaanza kwenda kuchota kwa zamu, wadogo kwanza.

Wale watatu aliwaita asubuhi moja, mmoja mmoja, bila kuwaacha wakutane katikati. Hakusema «fulani amekushitaki». Alisema: «Tumeona kinachofanyika kwenye bomba. Kinaisha leo. Utafanya nini kesho saa ya rekreasio?» Akangoja jibu. Juma moja baadaye akawaita tena, na tena baada ya majuma mawili. Hiyo kurudi ndiyo shule nyingi zinaacha, na mtoto mwonevu anajua kuhesabu siku: akiona kimya, anaanza upya.

Na wale wanaotazama? Wachunguzi wa Kanada walipiga filimu kwenye viwanja vya shule za Toronto. Waliona kwamba mtoto mwingine akiingilia, zaidi ya nusu ya mara uonevu unakoma ndani ya sekunde kumi. Hatuwaombi watoto wapigane. Tuliwafundisha kumvuta mwenzao tu: «Kuja, tunakukosa kwenye mpira.» Kijana wa mwaka wa tano alijaribu hivyo, na ikashika.

Sasa dada. Huyu hakuna aliyemgusa hata kidole, na ndiyo maana karibu apotee.

Benchi lake ni la wasichana watatu. Wale wawili wakaanza kupanua vitabu na mikoba mpaka nafasi inakwisha. Hawamfukuzi, hapana, wanamwangalia tu. Akijibu kwa Kifaransa kibovu, mtu anakohoa nyuma na wengine wanacheka. Halafu kwenye grupu ya WhatsApp ya darasa ikatokea habari kwamba kule kambini alizaa na kumwacha mtoto. Ni uongo mtupu. Lakini msichana atatoa ushuhuda gani kwa jambo ambalo halikuwa?

Nyumbani walichoona ni hiki: anachelewa kuondoka asubuhi, biletini inashuka, hataki tena kusukwa nywele na wenzake. Siku moja akasema anataka kuacha masomo amsaidie mama kuuza ndagaa. Baba akafikiri: amekuwa mkubwa, moyo umekwisha toka kwenye vitabu. Na kulikuwa na mtu ambaye tayari alikuja kuulizia. Ba-baba, mtusamehe, lakini ilibaki kidogo sana mtoto huyu aolewe kwa sababu ya uongo wa grupu, na hakuna mkubwa hata mmoja aliyejua.

Kwa nini sura inabadilika hivyo? Kwa sehemu, watoto wakubwa wamejifunza kinachoadhibiwa. Kofi linaacha alama, lakini kumnyamazia mtu hakuachi. Tena katika umri huo kundi la rafiki ni karibu kila kitu, basi kumtoa mtu kundini kunauma kuliko kumchania kaye. Na shule yenyewe inabadilika. Kwenye msingi mwalimu mmoja anashinda na watoto siku nzima. Kwenye sekondari kila somo lina mwalimu wake, anaingia, anatoka, na hakuna anayeona siku yote ya mtoto mmoja. Kadiri anavyokua, mtoto pia anapunguza kuwaambia wakubwa. Ukimwuliza «nani anakuonea?» atasema hakuna.

Mama alipata njia nyingine. Tulimshauri aulize mambo ya kawaida, jioni, wakichambua ndagaa: «Saa ya rekreasio unakuwaga na nani?» Binti akanyamaza muda mrefu, halafu akasema: «Peke yangu.» Mengine yalifuata kesho yake, si siku hiyo.

Baba alitaka kuchukua telefoni. Tulimwomba asifanye hivyo. Mtoto anayeogopa kunyang'anywa telefoni hatasema tena, na wenzake wataendelea kuandika bila yeye kujua. Walihifadhi picha za zile ujumbe na tarehe zake. Shule nayo ilikosea mwanzoni: prefe alisimama kwenye mstari wa asubuhi akakataza «uongo juu ya msichana wa mwaka wa nane». Madarasa ambayo hayakujua kitu yakajua siku hiyo.

Baadaye walifanya vizuri zaidi. Mwalimu wa kike mmoja alipewa kazi ya kumfuata, awe anajua siku yake yote. Nafasi za kukaa zilipangwa upya kwa darasa lote, ili isionekane ni kwa ajili yake. Aliyeanzisha ile habari aliitwa na mzazi wake, wakaonyeshwa picha zenyewe. Waliotuma tu mbele waliitwa peke yao, na wawili kati yao walikiri hawakuwahi kuiamini. Mmoja wa hao ndiye anayekaa naye sasa.

Jambo moja tuseme haraka: kukiwa na vitisho vya mwili, ao mtu anamdai msichana tendo la ndoa ili anyamaze, hapo si kazi ya prefe kupatanisha tena. Ile sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009 iko kwa ajili hiyo. Mtufikie siku hiyohiyo.

Tunamaliza na kosa letu sisi, na tunalisema mbele ya wafadhili kwa makusudi. Mwaka ule tulileta mabegi ya masomo kwa watoto waliorudi peke yao. Tuliita majina darasani, wakasimama mmoja mmoja, tukapiga picha. Mabegi yalikuwa ya rangi moja, yenye alama kubwa mgongoni. Tulipouliza wale vijana wa bomba walianzaje, mkubwa wao alisema: «Tulikuwa tunachagua wenye begi.» Wazazi wao pia walipoteza nyumba na mashamba katika vita, na watoto wao walitazama tu mikono mitupu siku ile. Sisi tuliwapa sababu na alama ya kulengea.

Mfadhili mmoja alituuliza kama tukigawia darasa lote hatutafikia watoto wachache zaidi wa kwake. Ndiyo, tutafikia wachache. Kwa pesa ileile tutanunua kaye na biki bila begi, za darasa zima, na mahitaji ya pekee ya familia iliyorudi yatapita nyumbani, jioni, kupitia kamati ya chama. Orodha za Septemba tunaziandika sasa kwa madarasa, si kwa majina. Ba-mama wa kamati walio tayari kupokea vitu kwenye parseli zao waje watuone baada ya mkutano, maana kwa sasa tuna parseli tatu tu.