Kibarua, Mkataba wa Muda au Ajira ya Kudumu: Uamuzi wa Mwenye Hoteli ya Mtito Andei

Wengi wetu tunauza chakula kando ya barabara kuu ya Nairobi–Mombasa, na tunajua kazi yetu haina kipimo kimoja. Desemba, Pasaka na likizo ya Agosti meza hazitoshi. Shule zikifunguliwa Januari, wahudumu huketi wakisubiri. Tangu treni ya Madaraka Express ianze mwaka 2017, baadhi ya abiria waliokuwa wakishuka kwenye basi kula hapa sasa wanapita kwa reli. Ndiyo maana wengi wetu tumekimbilia vibarua, tukiamini kwamba anayelipwa kwa siku hana madai. Imani hiyo ndiyo ninayotaka tuiangalie kwa makini.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtambua kibarua kuwa mtu anayelipwa mwisho wa siku na asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Kifungu cha 37 kinasema akifanya kazi siku mfululizo ambazo kwa jumla zinafikia mwezi mmoja, au akipewa kazi isiyotarajiwa kwisha ndani ya miezi mitatu, mkataba wake unageuka kuwa wa mshahara wa kila mwezi. Hakuna barua inayohitajika ili ugeuke. Kumlipa kila jioni hakuuzuii.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwosha vyombo analipwa shilingi 600 kwa siku, siku sita kwa wiki, kwa miezi minane. Januari mwenye hoteli anamwambia asirudi kesho. Mwenye hoteli anahesabu kwamba hadaiwi kitu. Lakini mkataba umeshageuka, kwa hiyo notisi ni siku 28 kwa maandishi. Asipompa, anamlipa shilingi 16,800. Likizo ni siku 1.75 kwa kila mwezi, yaani siku 14, shilingi 8,400. Siku ya mapumziko baada ya kila siku sita za kazi nayo ina malipo: wiki 34 ni shilingi 20,400. Jumla ni 45,600. Na kama ameachishwa bila sababu halali wala kusikilizwa, mahakama inaweza kuongeza fidia, ambayo haizidi mishahara ya miezi 12. Mwajiri akifika mahakamani bila daftari la mahudhurio wala mkataba wa maandishi pale sheria inapoudai, mzigo wa kuthibitisha masharti unamwangukia yeye.

Basi tupange vipi? Chukua daftari la mauzo la mwaka mzima na utafute mwezi dhaifu kuliko yote. Watu uliowahitaji mwezi huo ndio wa kudumu. Tuseme ni watano: mpishi, msaidizi wake, mwosha vyombo, mhudumu na mtunza pesa. Hao kazi yao haiishi, na kuwaita vibarua ni kujidanganya. Likizo yao ya siku 21 za kazi kwa mwaka ipangwe miezi ya ukame wa biashara, mmoja baada ya mwingine, kwa kukubaliana nao mapema. Hivyo likizo unayodaiwa inapungua wakati usiokuumiza.

Ukihitaji watu wawili zaidi kila Ijumaa hadi Jumapili, mwaka mzima, wengi wetu huwaita vibarua. Mimi ningewaandikia mkataba wa kudumu wa siku tatu kwa wiki, saa na malipo yakitajwa. Hitaji hilo halikomi. Siku zake tu ndizo chache.

Desemba ndiyo nafasi ya mkataba wa muda maalum. Barua iseme tarehe ya kuanza, tarehe ya kuisha, kwamba ni ya msimu wa sikukuu, na notisi ikibidi kukatisha mapema. Bila kipengele hicho mfanyakazi anaweza kudai malipo ya muda uliosalia. Mkataba wa miezi mitatu au zaidi lazima uandikwe, lakini hata wa wiki sita uandike, kwa sababu tarehe isiyoandikwa ni vigumu kuithibitisha. Kosa kubwa hapa ni kumwacha mtu aendelee wiki mbili baada ya tarehe kwisha, huku barua imelala kwenye droo. Anayeongezewa mara kwa mara bila kukatika naye ana hoja ya kudai kwamba aliahidiwa kuendelea.

Kibarua wa kweli basi anabaki na nafasi ndogo: kupakua magunia ya mkaa, kusafisha tangi la maji, kusaidia siku msafara mkubwa unapokuja. Andika jina, tarehe, kazi na malipo, na atie sahihi. Kila mwisho wa wiki hesabu siku za kila jina. Jina linalokaribia mwezi mmoja linahitaji uamuzi kabla ya sheria kukuamulia: ama barua yenye tarehe, ama nafasi miongoni mwa wale watano.