Bei ya Zamani, Bei Mpya na Siku ya Mwisho

Rumonge ni mji wa mawese. Msimu wa mavuno ukifika, mafuta hujaa sokoni na bei hushuka yenyewe. Hapo ndipo baadhi ya wauzaji huandika "Punguzo kubwa!" ilhali wanauza sawa na jirani zao. Hilo ni soko kushuka tu.

Chukua mfano wa bidoni ya lita 20. Kibao kimeandikwa: "Ilikuwa 140,000, sasa 100,000." Lakini wiki nzima iliyopita muuzaji huyo huyo alikuwa akiuza 110,000; ile 140,000 ilikuwa bei ya kiangazi, mafuta yalipoadimika. Punguzo la kweli ni faranga 10,000, si 40,000.

Tatizo hili si la Rumonge peke yake. Katika Umoja wa Ulaya, tangu 2022, muuzaji anayetangaza punguzo hulazimika kutaja bei ya chini kabisa aliyotoza katika siku 30 zilizotangulia. Bei ya kale haikubaliki.

Kibao cha haki kingesomeka hivi: "Mawese, bidoni lita 20. Tuliuza 110,000 hadi jana. Sasa 100,000. Mwisho Jumamosi tarehe 15, jioni."

Redioni tarehe huhitaji uangalifu zaidi. Tangazo likisema "wiki hii tu", kisha likarudiwa wiki inayofuata, msikilizaji wa Nyanza-Lac atapanda gari kufuata bei iliyokwisha. Mwezi utajwe pia, na kama bidoni ni chache, idadi yake itajwe.