Tupime Mtandao Ungali Mzima

Msikilizaji, Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 intaneti ilidorora karibu Tanzania nzima. Kebo mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikuwa zimekatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Miezi michache kabla, kebo nyingine zilikuwa zimekatika katika Bahari ya Shamu, kwa hiyo hata njia ya kaskazini ilikuwa na nafasi finyu. Siku zile wateja wengi walikuwa na neno moja tu la kusema: mtandao uko chini. Uko chini kutoka wapi? Hilo wachache waliweza kulijibu, kwa sababu hawakuwa wameandika mtandao ulikuwaje ulipokuwa mzima.

Hoja yangu leo ni kwamba mtu wa Mitundu, huku Itigi, anayetegemea intaneti, awe mwalimu, wakala wa fedha au mfanyabiashara wa asali, apime sasa, wakati hana malalamiko. Tena apime kwa umbali wa aina mbili, wa karibu na wa mbali. Programu ya kupima kasi kwenye simu huonyesha kasi kwa Mbps, na muda wa ujumbe kwenda na kurudi, ulioandikwa Ping, kwa milisekunde. Kwa kawaida programu hiyo huchagua yenyewe seva ya kupimia, na hapo ndipo watu wengi hupotea, maana leo inaweza kuchagua ya Dar es Salaam na kesho ya Nairobi, kisha ukalinganisha vitu viwili tofauti. Chagua mwenyewe seva moja ya Dar es Salaam na moja ya London, na usizibadilishe.

Kwa nini mbili? Ndani ya kebo ya nyuzi za kioo mwanga husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka huku Itigi hadi Dar es Salaam na kurudi, safari yenyewe haifiki milisekunde 10. Muda mwingine unaouona unaliwa na simu, mnara na mitambo ya njiani. Kebo ya kilomita 10,000 kuelekea Ulaya inahitaji angalau milisekunde 100 kwenda na kurudi, hata kama hakuna foleni yoyote. Sasa tuseme daftari lako linaonyesha kwamba kwa kawaida Dar es Salaam ni kati ya 40 na 60, na London kati ya 180 na 210. Siku mambo yakiwa mazito unapima tena, unakuta Dar es Salaam bado 50 lakini London imeruka hadi 400. Mnara wako hauna neno. Tatizo liko mbele, pengine baharini. Ukikuta zote mbili zimepanda kwa kiasi kilekile, huenda hitilafu iko karibu nawe: mnara umeelemewa, au simu imeshuka kutoka 4G kwenda 3G. Ndiyo maana alama hiyo ya juu ya kioo nayo iandikwe kila mara, pamoja na saa na mahali uliposimama.

Atatokea wa kusema kwamba mtandao wetu haujawahi kuwa na hali moja, asubuhi hivi na usiku vile, kwa hiyo hakuna kawaida ya kuandika. Kubadilika huko ndiko kawaida yenyewe. Pima asubuhi, mchana na saa mbili usiku kwa wiki mbili, kisha uandike kiwango cha chini na cha juu kwa kila saa. Namba moja iliyopimwa alfajiri, watu wakiwa wamelala, itakudanganya kila jioni.

Wa pili atalalamikia bando, na ana haki. Kipimo cha kasi kwenye laini ya Mbps 10 kinaweza kula megabaiti 15 au 20 kwa mara moja. Basi kasi ipimwe mara mbili kwa wiki, na siku nyingine zote tumia amri ya ping kwenye kompyuta au programu yake ya simu. Ujumbe 20 wa namna hiyo haufiki hata kilobaiti 10.

Wapo watakaouliza, si kazi ya TCRA kupima ubora wa huduma? Ni kazi yake. Lakini vipimo vya mamlaka havikai mlangoni pako saa mbili usiku, na mhudumu wa kampuni ya simu akipokea malalamiko yenye tarehe, saa, seva na namba za kabla na za sasa, anajua mafundi waanzie wapi. Daftari hilo halitakupa haki ya kudai kasi ambayo kampuni haikuahidi, wala halitaunganisha kebo. Litaonyesha tu kilichobadilika na upande kilipobadilikia. Kama leo mtandao wa Mitundu unakuridhisha, anza kuandika leo jioni.