Duka Lililofungwa na Swali la Mwajiri

Mtu aliyejitafutia riziki kwa duka lake mwenyewe, kisha duka likafungwa naye akaenda kuomba kazi ya mshahara, aghalabu hujitayarisha kusimulia ustadi wake, ilhali mwajiri aliyeketi mbele yake ana shaka ambazo huenda asizitamke: kwamba biashara ilikufa kwa uzembe, kwamba yako madeni yatakayomfuata mtu huyu hadi kazini, na kwamba siku atakapopata mtaji ataaga.

Natuchukulie mfano wa bwana mmoja aliyeuza nafaka Morogoro tangu Machi 2019 hadi Agosti 2023, na sasa anaomba kazi ya utunzaji wa ghala kwa mfanyabiashara wa jumla. Wengi walio katika hali yake huificha ile miaka minne na zaidi, wakaacha pengo katika wasifu wao, au huandika neno moja tu, "biashara", ambalo halimwambii msomaji lolote. Yeye na aiandike kama kazi nyingine yoyote, kwa cheo, mahali na tarehe: mmiliki na msimamizi wa duka la nafaka, kupokea magunia, kuyapima, kuyapanga yasipate unyevu, kuandika daftari la mali inayoingia na inayotoka, na kumsimamia msaidizi mmoja. Mambo hayo ndiyo hasa kazi ya mtunza ghala, na mwajiri atayaona bila kuambiwa kuwa yanafanana. Sababu ya kufunga isiandikwe katika wasifu. Yatosha sentensi moja katika barua ya maombi, na mengine yangoje usaili.

Hapo ndipo watu wengi hujiharibia, kwa kusema "hali ilikuwa ngumu", au kwa kumlaumu mwenye nyumba, jamaa waliokopa na serikali kwa pamoja. Jibu la namna hiyo humwacha mwajiri na shaka ile ile aliyoanza nayo, kwa maana hajasikia mtu huyu alifanya nini mambo yalipoanza kwenda mrama. Basi bwana wetu na aseme hivi: "Wateja wangu wakubwa walikuwa mama lishe wa kituo cha daladala. Kituo kilipohamishwa mauzo yalishuka, nami niliendelea kuwakopesha kwa miezi mitano nikitaraji watu watarudi, na hapo nilikosea hesabu. Nilipoona deni la aliyeniletea mchele limefika shilingi 1,200,000, na mali iliyobaki dukani inakaribia thamani hiyo hiyo, niliacha kuagiza, nikauza magunia yaliyobaki pamoja na mizani, nikamlipa kwa awamu tatu." Sababu ni moja, kosa lake limetajwa bila kujidhalilisha, na tarakimu zinaonyesha kuwa alifunga kwa hesabu kabla ya kufungiwa na wadai. Kisha anyamaze, maana anayeendelea kujieleza baada ya jibu kutimia huamsha maswali mapya.

Maneno hayo yanahitaji ushahidi, na ushahidi bora ni yule mwuza mchele aliyelipwa, kwani mdai aliyelipwa ni mdhamini asiye na sababu ya kupendelea. Aombwe ruhusa kabla jina lake halijaandikwa. Bwana wetu achukue pia daftari lake, leseni ya biashara, na nakala ya barua aliyoiandikia Mamlaka ya Mapato, yaani TRA, kuiarifu kuwa amefunga. Barua hiyo ina faida mbili: humthibitishia mwajiri tarehe, na humkinga mwenye duka asije akaendelea kukadiriwa kodi ya biashara ambayo haipo tena. Na ikiwa deni halijaisha, asiseme limeisha. Ataje kiasi kilichobaki na mapatano ya kulilipa, kwa sababu mtu wa ghala huaminiwa mali ya watu, na uongo mdogo wa fedha ukigunduliwa baadaye huondoa amana yote.

Labaki swali la mtaji. Kuapa kwamba hatafanya biashara tena maishani ni kiapo ambacho hakuna atakayekiamini, na mimi naona hakuna haja nacho. Aseme kile kinachomvuta katika kazi anayoiomba: kwamba sehemu aliyoipenda dukani ilikuwa kupokea na kutunza mali, wala si kukimbizana na wakopaji. Lakini iwapo nyumbani mkewe angali anauza mchele na maharage kidogo, jambo hilo alitaje mwenyewe kabla ya kutia saini mkataba, aulize kama linaruhusiwa, na majibu yaandikwe. Kwa kuwa siku gunia moja litakapopungua ghalani, mtu wa kwanza kutazamwa atakuwa yule ambaye mkewe anauza bidhaa hiyo hiyo.