Umeuza Shamba au Umefanya Biashara?

Msikilizaji, mtu akiuza ploti yake Kitengela au Ruiru hulipa ushuru wa faida ya mtaji, akatia risiti kwenye faili, akajua amemalizana na KRA. Wengi huwa wamemalizana kweli. Lakini wapo wanaopata barua baada ya miaka miwili mitatu ikiwaambia: wewe hukuuza mali yako, ulikuwa ukifanya biashara.

Tofauti yake ni pesa nyingi. Tuseme mwalimu mmoja anayelipwa shilingi 100,000 kwa mwezi alinunua ploti kwa milioni 4, akaiuza kwa milioni 7. Toa gharama za wakili, ushuru wa stempu na cha dalali, abaki na faida ya milioni 2.6. Ushuru wa faida ya mtaji nchini Kenya umekuwa asilimia 15 tangu Januari 2023, kwa hiyo atalipa 390,000. Ikisemekana ni biashara, faida ile ile inajumlishwa na mshahara wake, na kwa kuwa mshahara huo tayari umevuka daraja za chini, faida yote inakatwa asilimia 30. Hiyo ni 780,000, mara mbili kamili, kabla ya adhabu na riba ya kuchelewa.

Sasa mstari unapita wapi? Sheria haisemi ukiuza ploti tatu wewe ni mfanyabiashara. Inasema tu kwamba biashara ni pamoja na shughuli yoyote yenye sura ya biashara. Sura hiyo inasomwa kwa dalili, na dalili zenyewe tumezirithi Uingereza, ambako mwaka 1955 Tume ya Kifalme iliziorodhesha sita. Mbili ndizo zinazowaponza watu wetu: umeuza mara ngapi, na ulinunua kwa nia gani.

Tuanze na mara ngapi. Mwalimu wetu akiuza ploti moja aliyokaa nayo miaka minane, hilo halishangazi mtu. Akiuza nne kwa mwaka, na kila pesa ya ploti moja ikanunua nyingine, hapo pana mfumo, na mfumo ndio biashara. Hata ile ploti ya kwanza, iliyokuwa haina neno, itaangaliwa upya pamoja na zilizofuata.

Lakini usijifariji kwamba umeuza mara moja tu. Kuna kesi maarufu ya Rutledge, iliyoamuliwa Uskoti mwaka 1929. Bwana huyu alikuwa Berlin kwa shughuli zake nyingine, akakutana na kampuni iliyofilisika, akanunua karatasi za chooni roli milioni moja kwa bei ya kutupa. Alipofika London akaziuza zote kwa mnunuzi mmoja, kwa faida nono. Alinunua mara moja, akauza mara moja. Mahakama ikasema ni biashara, kwa sababu hakuna mtu anayenunua roli milioni moja ili azitumie nyumbani, wala haziwezi kumletea kodi ya pango wala gawio. Kazi yake ilikuwa moja tu: kuuzwa.

Hapo ndipo nia inapoingia. Nia inayotafutwa ni ile ya siku uliponunua, na afisa wa ushuru haisomi moyoni mwako, anaisoma kwenye matendo. Je, ulinunua kwa mkopo wa miezi sita ambao usingelipika bila kuuza? Uliigawa ekari 5 vipande vya 50 kwa 100, ukapasua barabara, ukavuta maji, ukaweka bango lenye nambari ya simu? Ukifanya hayo, kusema ulikuwa unawawekea watoto hakutasaidia. Kwa upande mwingine, aliyejenga, aliyelima au aliyepangisha, kisha akauza kwa sababu ya ugonjwa au karo, ana hadithi inayoungwa mkono na mambo yenyewe. Hata nia njema ya kutamani bei ipande haikufanyi mfanyabiashara. Kila anayewekeza hutamani hivyo.

Anayefanya biashara naye asikimbilie kujificha. Yeye anaruhusiwa kutoa gharama zake za kila siku, kama matangazo, safari na riba ya mkopo, na kwa mwenye gharama nyingi hesabu hupungua sana.

Neno langu kwako ni hili. KRA ina miaka 5 ya kurudi kukagua ritani yako, na katika mzozo wa ushuru mzigo wa kuthibitisha ni wako, si wao. Weka mkataba wa kununua, stakabadhi za wakili, barua ya mkopo, na karatasi yoyote inayoonyesha ulitaka kuifanyia nini ardhi hiyo na kwa nini uliiuza. Anza kuziweka siku unayonunua, maana zikiandikwa baada ya barua kufika, hakuna atakayeziamini.